Ninavyokokotoa sampuli ya kulinganisha uhai: vifo kwanza, wagonjwa baadaye

Swali ninaloulizwa kila mara ni "niandikishe wagonjwa wangapi?" Mimi huanza na jingine: tunahitaji vifo vingapi? Nguvu ya kipimo cha log-rank, yaani uwezo wake wa kugundua tofauti ya uhai kati ya makundi mawili, inatokana na matukio, ambayo hapa ni vifo. Ukiandikisha watu elfu moja wakafa ishirini tu, una data ya vifo ishirini.

Chukua jaribio la homa ya uti wa mgongo inayotokana na kifua kikuu: dawa ya kawaida dhidi ya dawa mpya, makundi sawa, ufuatiliaji wa miezi 6. Tuseme tunataka kugundua uwiano wa hatari (HR) wa 0.7, yaani kwa dawa mpya kasi ya kufa ipungue kwa asilimia 30. Kwa nguvu ya asilimia 80 na alfa ya 0.05 ya pande mbili, fomula ya Schoenfeld katika R ni hii:

```r
z <- qnorm(0.975) + qnorm(0.80)
ceiling(4 * z^2 / log(0.7)^2)
```

Jibu ni vifo 247 kwa makundi yote mawili. Kwenye Excel tumia `LN`. Ukiandika `LOG` unapata logi ya kizio cha 10, na jibu linaruka hadi 1,309.

Sasa ndipo wagonjwa wanaingia. Tukikadiria kuwa asilimia 40 ya wanaotumia dawa ya kawaida watakufa ndani ya miezi 6, wengi huzidisha 40 kwa 0.7 na kupata 28. Hilo ni kosa, kwa sababu HR inapunguza kasi ya kufa, haipunguzi asilimia ya waliokufa. Unachukua uwezekano wa kubaki hai, 0.6, unaupandisha kwa kipeo cha 0.7. Unapata 0.699, maana yake vifo ni asilimia 30.1. Wastani wa makundi mawili ni asilimia 35 hivi, na 247 ukigawanya kwa 0.35 unapata wagonjwa 706. Kwa watakaopotea kwenye ufuatiliaji, wakikadiriwa asilimia 10, gawanya tena kwa 0.9: wanafika 786 ukikamilisha namba shufwa.

Panapoumiza ni kwenye ile asilimia 40, ambayo mara nyingi hutoka kwenye rekodi za wodi yenye wagonjwa mahututi kuliko watakaokubaliwa kwenye jaribio. Vifo vya kundi la dawa ya kawaida vikiwa asilimia 25, matukio yanayohitajika yanabaki 247, ila wagonjwa wanapanda hadi 1,144, kabla hata ya kuwahesabu watakaopotea. Ukibaki na 706 utapata vifo kama 152, na nguvu inashuka hadi karibu asilimia 59.

Kwa hiyo kwenye itifaki huandika matukio 247 kama lengo, na wagonjwa kama makadirio. Wakati uandikishaji unaendelea, naangalia jumla ya vifo vya makundi yote kwa pamoja, bila kufungua nani yuko kundi gani. Vikichelewa, tunaongeza wagonjwa. Kurefusha ufuatiliaji ni nafuu zaidi kwa bajeti, lakini katika ugonjwa huu vifo vingi hutokea mapema, kwa hiyo miezi ya ziada huleta vichache mno.