Tangazo la viungo vya pilau: nilichonunua, nilichotengeneza kwa mashine na nilichopiga mwenyewe

Wiki tatu kabla ya Idi, mama mmoja anayesaga na kufunga viungo vya pilau hapa Dar aliniita nimtengenezee tangazo la sekunde 20, la kusimama wima, liende Instagram, TikTok na status za WhatsApp. Bajeti yake ilitosha siku moja ya kamera. Kukodi jiko zuri, mpishi na taa hakukuwemo. Mwenzangu mmoja wa kazi hizi akaniambia kwa uhakika kabisa, "Siku hizi nani ananunua klipu? Andika maelezo, akili mnemba ikutengenezee lote, jioni umemaliza." Ushauri huo ulinila siku nne na pesa, na bado unanikera kwa sababu nausikia kila mahali.

Nilianza na shoti iliyokuwa moyo wa tangazo: mama anafunua sufuria, mvuke unapanda, anachota pilau. Nililipia kifurushi cha mwezi cha mashine ya akili mnemba inayotengeneza video, dola kama 15. Kwa ubora niliouhitaji kilinipa majaribio kama 10 ya sekunde tano tano.

Jaribio la kwanza lilileta wali wa njano wenye kamba juu yake. Nikaongeza maelezo: wali wa kahawia, nyama ya ng'ombe, viazi, jiko la mkaa. Ukaja wa njano tena, safari hii na njegere. Mtu wa Pwani anajua rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaiva vizuri, pamoja na binzari nyembamba, mdalasini na karafuu. Ukimwonyesha wali wa njano atakwambia hiyo ni biriani au chakula cha hotelini, na tangazo la viungo vya pilau limekufa hapo hapo. Jaribio la nne rangi ilikubali, lakini mwiko uliingia kwenye wali ukatoka umejaa, na wali kwenye sufuria haukupungua hata punje. La sita, mfuniko ulikuwa wa bati wakati unainuliwa na wa kioo ulipofika mezani. La saba lilikuwa zuri mno, nikalihifadhi, nikalala na furaha. Asubuhi nikalitazama kwenye skrini kubwa: kidole gumba cha mama kilikuwa kimepita katikati ya mkono wa sufuria.

Nikabadili mbinu. Nilipika pilau nyumbani, nikapiga picha tulivu ya sufuria ile, nikaipa mashine iwe fremu ya mwanzo ili yenyewe iongeze mwendo tu. Rangi ikatulia, sufuria ikawa sufuria yetu. Sekunde ya kwanza ilikuwa safi. Kuanzia sekunde ya pili punje zilianza kutambaa na kuungana, mpaka mwisho wali ukawa kama uji. Hilo nimeliona kwenye klipu nyingi tangu hapo: mwanzo wa klipu unakuwa karibu na picha uliyoipa, na kadiri inavyokwenda inapotea. Ukilazimika kuitumia, kata mapema. Sekunde moja na nusu inatosha kwenye tangazo, shoti nyingi hazizidi hapo.

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningeifanya siku ya kwanza. Bei ya klipu ya mashine si bei ya jaribio moja, ni bei ya majaribio yote mpaka ipatikane inayofaa. Nilikuwa nimenunua nyongeza mara mbili, nina majaribio zaidi ya 30, na mkononi nina sekunde moja na nusu ya wali. Klipu moja nzuri ya kununua ingekuwa dola 30 na kitu, na ningeiona yote kabla sijatoa hata shilingi.

Maktaba za video, yaani tovuti zinazouza klipu zilizokwisha kupigwa, zinakuruhusu kupakua nakala ya majaribio yenye nembo yao imepakwa katikati ya picha. Mimi nahariri tangazo zima kwa nakala hizo, na sauti na maandishi juu yake, namwonyesha mteja, anakataa anachokataa, kisha nalipia zile zilizobaki tu. Kwa tangazo hili nilipakua klipu 23 na nikalipia nne. Usisahau kuzibadilisha zote kabla ya kutoa faili la mwisho, na uangalie fremu za mwisho za kila klipu, maana nembo hujificha kwenye vipande vifupi.

Lakini maktaba nazo zina mitego yake. Niliandika `african woman cooking` nikapata akina mama wamefunga vilemba vikubwa vya Afrika Magharibi, wanapika kwenye majiko ya gesi yenye marumaru. Nilimwonyesha mteja wangu mmoja wao, aliyependeza kweli kweli. Akamtazama mara moja tu. "Mwanangu, huyu si wa huku. Wateja wangu wataniuliza viungo vinatoka Lagos?" Barabara ni hivyo hivyo: ukiona magari yanakwenda upande wa kulia, hapo si Tanzania wala Kenya, hata kama maelezo ya klipu yanasema Afrika tu. Siku hizi sitafuti watu, natafuta vitu: `cinnamon sticks macro`, `frying onions close up`. Kitunguu kwenye mafuta hakina uraia.

Pia nilipata klipu moja ya soko la viungo Zanzibar, alfajiri, mwanga unapenya kwenye magunia. Niliijenga iwe ufunguzi wa tangazo na nikaizoea. Wakati wa kulipia ndipo nikaona chini yake maneno `Editorial use only`. Maana yake ni kwamba inaruhusiwa kwenye habari na makala, hairuhusiwi kwenye tangazo la biashara, hata ukiilipia. Mara nyingi sababu ni kwamba watu wanaoonekana hawakusaini fomu ya ridhaa, au kuna nembo na majengo ya watu. Niliitoa kwa uchungu. Sasa kichujio cha leseni ya biashara nakiwasha kabla sijaandika neno la kwanza la kutafuta. Na zile klipu za bure za Pexels zinaruhusiwa kwenye biashara, ila leseni yao inakataza kumfanya mtu anayetambulika aonekane anaisifu bidhaa yako. Mwenye uso huo hajawahi kuonja viungo vyako.

Uso wa kununua una tatizo jingine: haukuuzwa kwako peke yako. Kuna klipu ya dada anayecheka akiwa ameshika simu, nilipiga picha ya skrini nikaitafuta kwa Google Lens, nikamkuta anatangaza mikopo, dawa za meno na chuo. Sikumtumia. Tangu siku ile tangazo lolote ninalonunulia klipu linatumia mikono, migongo na vitu.

Jambo la ukubwa halisemwi sana, na lilinigharimu klipu moja. Tangazo langu ni la wima, klipu nyingi za maktaba ni za kulala. Ukichukua klipu ya pikseli 1920 kwa 1080 ukaikata isimame, unabaki na upana wa pikseli 607 hivi, na simu inaivuta mpaka inakuwa na ukungu. Ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ukiikata unabaki na 1215, inajaza vizuri. Kwa hiyo kwa tangazo la wima nalipia 4K, ingawa bei inapanda, au natafuta iliyopigwa wima tangu mwanzo. Hapa mashine inashinda, kwa sababu unaiagiza wima moja kwa moja.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote kilikuwa mvuke. Sufuria yetu halisi niliipiga kwa simu uani kwa mteja, asubuhi, lakini jua lilikuwa kali na mvuke haukuonekana kabisa. Nikanunua klipu moja ya mvuke mweupe juu ya weusi mtupu. Nikaiweka juu ya picha yetu, nikachagua namna ya kuchanganya inayoitwa `Screen`. Weusi ukapotea, mvuke ukabaki, nikaupunguza mpaka ukawa mwembamba. Mteja aliangalia akasema, "Hapo sasa nasikia harufu." Klipu hiyo moja imenisaidia tena kwenye chai na supu, maana leseni yake inaruhusu kazi zaidi ya moja.

Mashine sikuitupa. Niliipa shoti moja: vumbi la viungo linainuka kutoka kiganjani gizani na kugeuka mvuke. Kuipiga kwa kamera kungehitaji taa, feni na vifaa ambavyo sina, na maktaba zilinipa unga wa rangi za sherehe tu. Ilipatikana jaribio la tatu. Vumbi, moshi na mwanga havina umbo ambalo jicho linalijua kwa kipimo, kwa hiyo makosa hayaonekani. Iliki na karafuu nilizijaribu, karafuu zikatoka hazina vichwa, na mtu yeyote aliyewahi kuona jamvi la karafuu Pemba angecheka. Herufi za paketi ndizo mbaya kabisa, jina la bidhaa lilianza kuyumba nusu sekunde tu baada ya kuanza. Paketi piga mwenyewe, iwe imesimama mezani, hata kwa simu.

Klipu ya mashine naikagua fremu kwa fremu, halafu naicheza kinyumenyume. Ukiitazama mbele, akili inafuata hadithi. Ukiirudisha nyuma, hadithi inavunjika na vidole vya ziada vinajitokeza.

Tulibishana jambo moja na mteja. Alikuwa ameona tangazo la mtu mwingine lenye wateja wa kutengenezwa, wanasema "mimi nimetumia, nimependa", akataka watatu wa aina hiyo. Nikamwambia, "Mama, huo ni ushahidi wa mtu ambaye hayupo. Siku mteja mmoja akigundua, hata pilau yako ya kweli hataiamini." Alinyamaza, kisha akampigia jirani yake anayenunua kila wiki. Jirani akaja na kanga yake, akasema maneno yake kwa sekunde nne, tukamwandikia karatasi fupi ya ridhaa akasaini.

Nilimweleza mteja pia kwamba ile shoti ya vumbi si mali yake kwa uhakika kama zile za simu. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilieleza Januari 2025 kwamba kuandika maelezo peke yake hakumfanyi mtu kuwa mtunzi wa kinachotoka. Ndiyo maana nembo na sura ya biashara sizitengenezi kwa njia hiyo. Vumbi mshindani akiliiga, hajachukua kitu kikubwa.

Mwisho tangazo lilikuwa na shoti 11: sita za simu, nne za kununua, moja ya mashine. Risiti na leseni za zile nne nilizipakua nikampa mteja kwenye bahasha moja na fomu ya jirani. TikTok inataka video ya mashine inayofanana na ukweli itajwe, nami nikawasha alama hiyo kwa ajili ya sekunde ile moja. Mama aliogopa watu wataikimbia. Siku mbili baadaye alinitumia maoni aliyoyapata chini ya tangazo. Watu watatu walikuwa wanauliza sufuria ile imenunuliwa wapi, na mmoja alitaka kujua jirani yule anatumia vijiko vingapi kwa kilo ya mchele.