Nilivyoandika skripti ya Mwana Mpotevu ya sekunde 90

Kabla ya kuandika chochote niliisoma Luka 15 kwa sauti, na sikio likanasa jambo ambalo macho yalikuwa yakilipita. Akiwa kwenye nguruwe, kijana anapanga kumwambia baba yake mambo matatu: nimekosa, sistahili kuitwa mwanao, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Anapofika nyumbani anasema mawili ya kwanza tu. La tatu halimtoki, maana baba ameshaanza kuagiza vazi, pete na viatu.

Nikaamua video nzima ielekee hapo. Lakini mtazamaji hatambui kwamba neno halikusemwa kama hakulisikia mwanzoni, kwa hiyo ombi la kuwa mtumishi nililiweka mara mbili: zizini, kisha njiani kijana akilirudia kwa kunong'ona. Hilo la njiani ni nyongeza yangu, ila halipotoshi kisa. Kugawana mali, anasa na njaa nikavimaliza kwa sentensi mbili, ingawa ndizo picha zinazovutia kuchora.

Ukisoma kwa utulivu, sekunde 90 hubeba maneno kama 140, ukishatoa nafasi za kimya. Sehemu yenyewe iliandikwa hivi:

PICHA: Uso wa kijana begani mwa baba.
MSIMULIZI: "Baba, nimekosa. Sistahili tena kuitwa mwanao."
PICHA: Kijana anavuta pumzi aendelee. Mkono wa baba unainuka kuwaita watumishi.
KIMYA: Sekunde 3. Pumzi na upepo tu, bila muziki. USIKATE.
MSIMULIZI: "Leteni upesi vazi lililo bora!"

Kimya kisichokuwa na kitu kinachosogea kwenye picha humfanya mtu adhani video imekwama, na utamwona akigusa kioo. Ndiyo maana pumzi ya kijana na mkono wa baba viko ndani ya zile sekunde 3, wala si baada yake. Muziki nao niliuzuia kwa sababu unamweleza mtazamaji ahisi nini kabla hajakumbuka lile ombi. Na neno USIKATE ni la lazima: mhariri wa video akiona pengo kwenye sauti huliziba, kwani ndiyo kazi aliyozoea.

Msimulizi nilimwomba asishushe sauti kwenye "mwanao". Aiache juu kidogo, kama mtu mwenye neno jingine mdomoni. Akiishusha, sentensi inafungwa, na kimya kinachofuata kinakuwa mapumziko ya kawaida tu.

Kaka mkubwa nilimwacha nje ya skripti hii, japo iliniuma. Anaingia kwenye mstari wa 25 akiwa na manung'uniko yake mwenyewe na jibu lake kutoka kwa baba, na Luka hasemi kama hatimaye aliingia karamuni. Kumbana kwenye sekunde 15 za mwisho kungemgeuza mtu wa wivu tu, kwa hiyo nimemwandalia video yake.