Kutoka Durban hadi Fremantle kwa njia ya kusini

Meli ilikuwa bado inapakia Durban nahodha alipopanda darajani, mzee wa Kipemba, akaniuliza: "Fremantle maili ngapi, mwanangu?"

Ukitazama ramani ya Mercator utadhani jibu ni mstari ulionyooka kuelekea mashariki. Ukishika dira hiyo moja, karibu digrii 092, utakwenda maili 4,360 za baharini. Lakini dunia ni mviringo, na njia fupi hufuata duara kuu, lile lenye kitovu kimoja na dunia. Nilichukua kikokotoo, nikakiweka kwenye digrii, nikaandika:

```
a = sin²(Δφ/2) + cos φ1 · cos φ2 · sin²(Δλ/2)
d = 2 · asin(√a) · 60
```

Durban iko 29°52' Kusini, 31°02' Mashariki. Fremantle 32°03' Kusini, 115°44' Mashariki. Tofauti ya latitudo, Δφ, ni digrii 2.18 tu, ya longitudo, Δλ, ni 84.70. Sehemu ya kwanza ya fomula ikatoa 0.0004, ya pili 0.3336, uzito wote uko kwenye longitudo. Jumla ni 0.334, na pembe yake katikati ya dunia ni digrii 70.60. Dakika moja ya pembe ni maili moja ya baharini, kwa hiyo nilizidisha kwa 60.

"Elfu nne mia mbili thelathini na sita, Kepteni."

Tunaokoa maili 124, yaani saa kumi na kidogo kwa mwendo wetu wa maili 12 kwa saa. Ningetumia nusukipenyo cha dunia cha kilomita 6,371 ningepata maili 4,239. Hizo tatu hazinisumbui, kwa sababu dunia yenyewe si tufe kamili.

Mzee hakuridhika. "Inapita wapi?"

Hapo ndipo fomula inaponyamaza. Inakupa umbali, haikwambii kuna nini njiani. Nilikokotoa kilele cha njia, yaani sehemu yake ya kusini kabisa, kikaangukia 39°07' Kusini, karibu na longitudo 76 Mashariki. Kwenye chati, kisiwa cha Saint-Paul cha Ufaransa kiko maili kama 24 kaskazini mwa mstari huo, na kisiwa cha Amsterdam kaskazini zaidi. Nafasi inatosha, ila ni lazima ujue vipo.

Meli haipindi kidogo kidogo kila dakika. Niliikata njia vipande vya digrii kumi za longitudo, kila kimoja na dira yake: tulianza na 116, tukafika mashariki kamili kileleni, kisha tukapanda kaskazini. Upepo wa magharibi ulitusukuma kwa nyuma, mawimbi marefu yakiinua tezi. Karibu na kilele rada ikaonyesha Saint-Paul upande wa kushoto, mahali pake hasa.

Wakati wa kurudi mzee alikataa njia ile. Upepo uleule ungetupiga usoni, na maili 124 zisingelipa mafuta. Tukapita kaskazini.