Kumi na mbili kasoro mchanga

Jana mwanangu aliona boti ikikata maji huku omo limenyanyuka. Akaniuliza, "Baba, na meli kubwa ikikimbia huinuka hivyo?" Nikamjibu kwamba yenyewe hushuka, kisha nikanyamaza, kwa maana tayari nilikuwa nimerudi kwenye ile meli ya makaa ya mawe.

Nilikuwa afisa wa pili, na mpango wa safari ulikuwa kazi yangu. Meli ilikuwa imezama mita 12, sawa omo na tezi. Mfereji wa kuingilia bandarini, pamoja na maji kujaa, ulikuwa na kina cha mita 14. Kampuni ilitaka chini ya mkuku zibaki angalau mita 1.2. Meli ikienda kwenye maji haba huchuchumaa, yaani huzama zaidi ya ilivyokuwa imesimama, nami nikapiga hesabu ya haraka: `Cb × V² / 100`. Cb, yaani jinsi umbo la meli lilivyokaribia sanduku, ilikuwa 0.8, na V, yaani mwendo, maili 10 za baharini kwa saa. Jibu likawa mita 0.8. Zilibaki 1.2 kamili, nahodha akatia sahihi.

Tulipoingia kati ya kingo za mfereji, kikombe changu kikaanza kutetemeka juu ya meza ya ramani. Mizunguko ya injini ikapungua ingawa hakuna aliyeigusa. Mshika usukani akasema, "Haigeuki vizuri, afande." Nikatazama kipima kina, mita zilizobaki chini ya mkuku: 1.4. Halafu 0.9. Halafu 0.6. Nyuma yetu wimbi lilikuwa linapanda kingo na kuvunjika. Nikaita namba ile kwa sauti, koo limekauka. Rubani hakupandisha yake. "Punguza, kidogo kidogo," akasema, maana ukikata injini ghafla usukani nao hukosa nguvu.

Namba ikashuka hadi 0.5, ikakaa. Meli iliyoshiba mzigo haipungui mwendo kwa kuamriwa tu. Dakika zile nilizihesabu kwa pumzi.

Kosa lilikuwa langu. Ile 100 ni ya maji yaliyo wazi. Meli inasukuma maji mbele, nayo lazima yarudi nyuma kwa kupita ubavuni na chini yake. Yakibanwa na kingo hukimbia zaidi, shinikizo chini ya meli hupungua, na meli huvutwa chini. Mferejini unagawa kwa 50. Basi ungekuwa mchuchumao wa mita 1.6, zibaki 0.4 tu, na meli nene kama ile hutangulia kushuka omo, hukohuko kipima kina kilikofungwa. Kwa maili 7 mchuchumao ungekuwa kama mita 0.8 tu, maana mwendo unazidishwa kwa wenyewe.

Tulipofika maili 7 kipima kina kilionyesha 1.2, na kikombe kikatulia.

"Mligusa?" mwanangu akauliza.

Hatukugusa. Karatasi ile bado ninayo, ina sahihi mbili chini ya ile 100. Nahodha aliipitia kweli, au aliniamini tu? Sikuwahi kumuuliza.