Tangazo lililoingia chapati ikiwa mkononi

Chaneli yangu ya mapishi YouTube ilipoanza kulipwa, kila mtu aliniambia neno moja: video zifike dakika 8. Ni kweli, tangu Julai 2020 tangazo la katikati huruhusiwa kuanzia hapo. Zamani ilikuwa dakika 10. Basi nikaanza kuvuta. Video ya chapati laini, ambayo dakika 6 zilitosha kabisa, niliifikisha 8 na sekunde 11 kwa salamu ndefu na kuomba watu wajiunge (mara mbili, jamani).

Matangazo niliuachia mfumo uyapange. Siku moja binti wa dada yangu akanipigia: "Mama mdogo, tangazo limeingia ndiyo kwanza unaanza kusokota donge. Unga unanikauka mkononi! Nimefunga, nikaenda kwa mwingine."

Nikafungua YouTube Studio, nikatazama grafu inayoonyesha watu wanabaki hadi wapi. Kwenye salamu mstari ulishuka polepole, kama mteremko: watu walichoka. Lakini kwenye dakika ya 4 ulianguka ghafla, kama ngazi. Nikalinganisha na orodha ya nafasi za matangazo, na palepale pana tangazo.

Kulihamisha hakuhitaji kupandisha video upya. Nililifuta pale, nikaliweka pale ninapofunika unga kwa kitambaa upumzike nusu saa. Hapo hata jikoni kwa mtazamaji kazi imesimama. Nililiweka baada ya sentensi kuisha, maana hata neno moja likikatwa linaudhi. Ile ngazi ikapungua, haikuisha. Wapo wanaoondoka tangazo likija popote.

Salamu nazo nilitaka kuzikata, nikakuta nikizitoa tu video inarudi chini ya dakika 8 na nafasi ya tangazo inapotea. Hapo ndipo nilipoona kosa langu lilipoanzia. Nikarekodi nyingine: naingia moja kwa moja kwenye unga, na kabla ya kufunika nasema, "Ukishapumzika nitakuonyesha kwa nini chapati za jana hukakamaa." Sehemu hiyo, iliyotokana na maswali ya watazamaji, ndiyo iliyoifikisha video dakika 10 bila kuvuta. Video ya kachumbari niliiacha na dakika zake 4.

Kupima faida siangalii jumla ya mwezi, kwa sababu Desemba watangazaji hulipa zaidi na Januari hushuka, utadhani umeharibu kitu. Nalinganisha video mbili ndani ya mwezi uleule: mapato kwa kila mara elfu video inapotazamwa, pamoja na muda ambao watu wanabaki. Ile mpya ilishinda kote kuwili. Nikaingiwa na tamaa, nikaongeza tangazo la pili chapati ya kwanza inapotoka kwenye kikaango. Wengi walikuwa wameshapata walichofuata, wakaondoka hapohapo bila kufika kwenye zile za jana. Nimelitoa.