Nilivyokadiria lita za tangi la samaki kwa picha na rula, kisha nikapata kipimo cha dawa

Dada yangu anakaa Tanga, mimi niko Dar es Salaam. Tangi la samaki la kwao ni la mwanawe, yuko darasa la sita, na ndiye aliyenipigia simu: "Shikamoo mjomba. Samaki wana madoa meupe kama chumvi, na wanajisugua kwenye mawe." Hizo ni dalili za ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kinachojichimbia kwenye ngozi na mashavu ya samaki. Dawa walikuwa wameshanunua, chupa ndogo yenye malakaiti ya kijani na fomalini. Kilichokosekana ni kujua tangi lina lita ngapi, kwa sababu lebo inataja dawa kwa kiasi cha maji, haitaji idadi ya samaki. Muuzaji wa tangi aliwaambia ni la lita 126.

Dawa ya aina hii haina nafasi kubwa ya kukosea. Ukiweka pungufu, vimelea vinabaki; ukizidisha, mashavu ya samaki yanaungua na hewa ya kwenye maji inapungua. Kwa hiyo nilitaka nipime mwenyewe, na kitu pekee cha kupimia pale nyumbani kilikuwa rula ya shule ya sentimita 30. Kumwambia mtoto aisogeze mara tatu kwenye kioo, kisha anisomee namba kwa simu, kungenipa namba nisizoweza kuzihakiki. Nikamwomba picha.

Picha ya kwanza aliipiga rula akiwa ameishika hewani mbele ya tangi. Picha ya namna hiyo haifai, na inadanganya kuliko inavyoonekana. Kamera ikiwa mita 1 kutoka kwenye kioo, na rula iko sentimita 10 mbele ya kioo, rula inaonekana kubwa kwa takriban asilimia 11 kuliko inavyostahili. Tangi basi linaonekana dogo kwa asilimia 10 kila upande, na ukizidisha pande tatu pamoja unabaki na asilimia 73 tu ya maji yaliyopo. Rula lazima ilale bapa juu ya kioo chenyewe unachokipima.

Nikampa maelekezo mapya. Abandike rula kwa selotepu kwenye kioo cha mbele, ilale sawa na ukingo wa chini. Arudi nyuma kama mita mbili, simu iwe usawa wa katikati ya tangi, avute picha karibu kwa zumu badala ya kusogea yeye, na asitumie ile lenzi ya kuonyesha eneo pana kwa sababu inapinda kingo. Kisha ahamishie rula kwenye kioo cha ubavuni apige picha ya pili kwa namna ileile.

Picha ya ubavuni ni ya lazima. Upana wa tangi hauwezi kusomwa kwenye picha ya mbele, wala kwa kuchungulia ndani, kwa sababu maji yanapinda mwanga. Kioo cha nyuma kilicho sentimita 34 ndani ya maji kinaonekana kana kwamba kiko sentimita 25 au 26 tu. Anayekadiria upana kwa macho kupitia maji anapoteza robo nzima ya tangi bila kujua.

Picha zilipofika nilizifungua kwenye kompyuta kwa Paint, ambayo inaonyesha chini ya dirisha mahali mshale ulipo kwa pikseli. Nilianza na rula, kutoka mstari wa 0 hadi mstari wa 30, si kutoka ncha hadi ncha, maana plastiki ya rula huzidi kidogo pande zote mbili. Zilikuwa pikseli 660. Kwa hiyo sentimita 1 ni pikseli 22. Kabla ya kuendelea nililinganisha ukingo wa kushoto wa tangi na wa kulia: 990 na 978. Kamera ingekuwa imekaa upande, ukingo mmoja ungekuwa mrefu zaidi kwa wazi. Tofauti ya asilimia 1 niliikubali. Ingefika asilimia 5 ningeomba picha nyingine.

Urefu wa tangi ulikuwa pikseli 1,760, yaani sentimita 80. Kimo cha kioo, kama 45. Lakini kimo cha kioo hakina kazi kwenye dawa. Nilichokitaka ni maji: kutoka juu ya changarawe hadi usawa wa maji zilikuwa pikseli 748, ambazo ni sentimita 34. Changarawe yenyewe ilikuwa sentimita 5, na kwa bahati nzuri ilikuwa imesambazwa sawasawa. Wengi huirundika nyuma, na hapo inabidi uchukue wastani wa mbele na nyuma. Kwenye picha ya ubavuni nilianza upya na rula, kwa sababu pikseli za picha moja haziwezi kutumika kwenye picha nyingine. Upana ulitoka sentimita 35.

Hivyo ni vipimo vya nje. Kioo cha tangi la ukubwa huu kina unene wake, na unaonekana vizuri pembeni mahali vioo viwili vinapokutana. Kile kilikuwa milimita 6. Nilitoa sentimita 1.2 kila upande, nikabaki na 78.8 kwa 33.8. Ukizidisha unapata sentimita za mraba 2,663, na hiyo ndiyo namba niliyoiandika kwa kalamu nyekundu, kwa sababu inakwambia kwamba kila sentimita 1 ya kimo cha maji ni lita 2.66.

Kuanzia hapo hesabu ni fupi. Maji yaliyo juu ya changarawe ni 2,663 mara 34, ugawe kwa 1,000: lita 90.5. Ndani ya changarawe nako kuna maji, kwenye nafasi kati ya punje na punje, takriban asilimia 40 ya ujazo wake. Sentimita 5 za changarawe zinachukua lita 13.3, kwa hiyo maji yaliyojificha humo ni kama lita 5. Mawe makubwa yalikuwa mawili. Mtoto aliyatoa, wakayapima kwenye mizani ya jikoni, jumla kilo 5. Lita 1 ya mawe magumu ya kawaida ina uzito wa kilo 2.6 hivi, kwa hiyo yale mawe yanakalia nafasi ya lita 2. Jumla: 90.5 na 5, toa 2, karibu lita 94.

Muuzaji hakudanganya aliposema 126. Alizidisha 80 kwa 35 kwa 45, vipimo vya nje, tangi likiwa limejaa pomoni bila changarawe. Lakini dawa inachanganyika na maji yaliyopo, na kufuata namba yake kungeongeza dawa kwa theluthi nzima.

Sikutaka dada aweke dawa kwa kutegemea picha peke yake, na njia ya kuhakiki ilikuwa mkononi, kwani kabla ya dawa walipaswa kupunguza maji hata hivyo. Nilimwambia abandike rula wima kwenye kioo, aanzie usawa wa maji, kisha atoe lita 20 kamili kwa ndoo yenye mistari ya lita. Kwa hesabu yangu maji yalipaswa kushuka sentimita 7.5. Yalishuka 7.6 hivi. Yangeshuka 9, ningejua kwamba urefu au upana nimeukadiria mkubwa kupita kiasi. Maji yakarudishwa hadi usawa uleule wa kwenye picha, yakiwa yameondolewa klorini ya bomba.

Ndipo tukaja kwenye lebo. Ilisema mililita 5 kwa kila galoni 10. Galoni ya Marekani ni lita 3.785 na ya Uingereza ni lita 4.546, na dawa za samaki zinafika kwetu kutoka pande zote. Ukichanganya hizo mbili unakosea kwa asilimia 20. Lebo hii iliandika lita 38 pembeni ya galoni 10, kwa hiyo ilikuwa ya Marekani. Lebo isiyo na lita, angalia nchi ilikotengenezwa, na ukibaki na shaka tumia galoni ya Uingereza, maana inatoa kipimo kilicho pungufu.

94 gawanya kwa 38 ni 2.47. Mara mililita 5, ni mililita 12.4.

Nikamwuliza dada anisomee lebo yote, hadi maandishi madogo. Kulikuwa na sentensi inayosema samaki wasio na magamba na kambare wapewe nusu ya kipimo. Kwenye picha nilikuwa nimemwona kambare mmoja mdogo amejibandika kwenye kioo cha nyuma. Kwa hiyo kipimo kikawa mililita 6.2, nikashusha hadi 6. Ninaposhughulika na dawa ya samaki nashusha siku zote, sipandishi, kwa sababu kadirio la picha lenye makosa ya asilimia 1 kwa kila upande tayari linaweza kukosea asilimia 3 kwa jumla.

Kwa kipimo kidogo hivyo, kifuniko cha chupa hakifai. Dada alinunua bomba la sindano la mililita 10 duka la dawa, bila sindano. Mkaa ulitolewa kwenye filta, kwani ungefyonza dawa yote, sponji ikabaki. Pampu ya hewa ikawashwa usiku na mchana, maana fomalini hupunguza oksijeni na maji ya joto la Tanga hayashiki oksijeni nyingi tangu mwanzo. Zile mililita 6 alizichanganya kwenye jagi la maji ya tangi, akazimimina taratibu mbele ya mkondo wa filta, amevaa glavu. Nilimwambia akae saa nzima akiwatazama. Samaki wakipanda juu kuvuta hewa au mashavu yakienda mbio, abadilishe nusu ya maji papo hapo na arudishe mkaa. Walitulia.

Lebo ilitaka dozi irudiwe kila baada ya saa 48, ikitanguliwa na kubadili robo ya maji. Madoa yalipoisha dada alitaka kuacha, nikamzuia. Dawa hii haimfikii mdudu aliyejificha chini ya ngozi, wala aliyejifunga kwenye changarawe akizaana. Inaua wale wachanga wanaoogelea kutafuta samaki. Waliendelea na dozi hadi idadi iliyoandikwa kwenye lebo ilipotimia, kisha mkaa ukarudi kwenye filta.

Mpwa wangu sasa ana alama ya kalamu ya wino usiofutika ubavuni mwa tangi, kwenye usawa wa maji, imeandikwa "lita 94". Chini yake ameandika "sm 1 = lita 2.66", ili maji yakipungua kwa joto aziondoe mwenyewe lita hizo kwenye hesabu kabla ya kugusa chupa yoyote.