Skafu isiyo na upande wa ndani

Upepo wa Julai hapa Dodoma umenikalisha na sindano. Skafu ya mwanangu ni bluu upande huu, nyeupe upande ule, na pande zote mbili zinafumwa kwa pamoja. Kitanzi cha mbele nafuma kwa bluu, nyuzi zote zikiwa nyuma. Kinachofuata nafuma kinyume kwa nyeupe, nyuzi zote nimezileta mbele. Zote, jamani! Ukiisahau bluu kule nyuma, itakatiza juu ya weupe, na haifichiki.

Kila mwanzo wa mstari nazipishanisha nyuzi mara moja, la sivyo pembeni hubaki wazi kama foronya. Mikia ya uzi naizamisha katikati ya tabaka. Jirani kaigeuzageuza akitafuta fundo, hajaliona.